Wasifu wa Jipcho: rasimu mbili, hadhira mbili

Mapema mwaka huu niliombwa niandike wasifu mfupi wa marehemu Benjamin Wabura Jipcho, usomwe kwa kipaza sauti siku ya michezo katika shule moja hapa Kapsokwony. Maneno yasizidi 120, nikaambiwa. Wasifu huohuo ungechapishwa katika kijitabu cha ratiba ambacho wageni wangepewa langoni. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Tarehe zake nilizijua, nishani zake nilizijua, na Kiswahili ndicho kilichonilisha miaka yote niliyoshika chaki. Kumbe wapi! Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na mwishowe nilikuwa na rasimu mbili za mtu mmoja ambazo hazikufanana.

Nazileta rasimu hizo hapa, msomaji mpendwa, kwa sababu zilinifunza jambo ambalo sikuwa nimelifundisha darasani. Siku zote niliwaambia wanafunzi kwamba toni ni kama vazi: mtu ni yuleyule, leo amevaa suti, kesho amevaa kanzu. Sasa sina hakika tena. Nilipozilinganisha rasimu zangu mstari kwa mstari, niliona kwamba toni ilikuwa imechagua habari za kusema na za kunyamazia, na hata imetoa hukumu za kihistoria ambazo mimi mwenyewe sikukusudia kuzitoa.

Kwanza, kwa vijana ambao huenda hawamjui, Jipcho alizaliwa mwaka 1943 katika eneo hili la Mlima Elgon. Alikuwa mkimbiaji wa kizazi cha Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott, kizazi kilicholifanya jina la Kenya lijulikane viwanjani mara baada ya Uhuru. Alifariki Julai 2020 akiwa na umri wa miaka 77. Huku kwetu, kati ya Kapsokwony na Kitale, ni jina ambalo wazee hulitaja wakiwa wameinua kidole.

Rasimu ya kwanza ilikuwa rasmi. Niliiandika usiku mmoja, bila kufuta neno:

"Benjamin Wabura Jipcho (1943–2020) alikuwa mwanariadha wa Kenya wa mbio za masafa ya kati na za kuruka viunzi na maji. Alizaliwa katika eneo la Mlima Elgon. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya 1968 jijini Mexico, ambako alichukua nafasi ya 10 katika fainali ya mita 1,500. Katika Michezo ya 1972 mjini Munich alitunukiwa nishani ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Rekodi ya dunia ya mbio hizo iliwekwa naye mjini Helsinki tarehe 27 Juni 1973, kwa muda wa 8:13.91. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974 mjini Christchurch alishinda nishani mbili za dhahabu na moja ya shaba. Alifariki tarehe 24 Julai 2020."

Tazama, hakuna kosa hapo. Kila tarehe inaweza kuthibitishwa, na mgeni anayetaka kumjua Jipcho kwa dakika moja ameshamjua. Kesho yake nilimsomea jirani yangu, mzee ambaye alikuwa kijana Jipcho alipokuwa akivuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiyo ni ya ofisi?"

Nikamjibu kwamba ni ya siku ya michezo.

"Umesema alikuwa wa kumi."

"Ndiyo, Mzee. Alikuwa wa kumi."

"Sawa. Lakini kwa nini alikuwa wa kumi?"

Hapo ndipo niliporudi mezani. Kwa sababu ukweli ni kwamba kila aliyefuatilia riadha ya Kenya anajua kwa nini Jipcho alimaliza wa 10, na rasimu yangu, pamoja na usahihi wake wote, ilikuwa imelificha jambo hilo.

Fainali hiyo ilikimbiwa tarehe 20 Oktoba 1968, siku ambayo nyumbani Kenya ilikuwa sikukuu ya Kenyatta. Mtu wa kuogopwa alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500. Silaha ya Ryun ilikuwa kasi yake ya mwisho: mbio zikienda polepole hadi mzunguko wa mwisho, hakuna aliyeweza kumkamata. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuzifanya mbio ziwe kali tangu mwanzo, na katika jiji lililo mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, ukali huo ungewaumiza zaidi wale wasiozoea hewa nyepesi. Ila anayeongoza kwa kasi hiyo huumia pia. Jipcho ndiye aliyetoka mbele. Mzunguko wa kwanza aliupitisha kwa takriban sekunde 56, kasi ambayo hakuna aliyeitarajia katika hewa ile. Kisha Keino akachukua uongozi na hakuuachia tena. Alishinda kwa 3:34.9, Ryun akifuata karibu sekunde tatu nyuma yake. Jipcho, aliyekwisha kutoa alichokuwa nacho, alishuka hadi nafasi ya 10.

Basi nikaandika rasimu ya pili, na safari hii niliandika kama mtu anayesimulia jikoni:

"Ben alikuwa kijana wetu wa huku mlimani. Alikuwa akikimbia kwenda shule kila siku bila viatu. Mwaka 1968 akafika Mexico, na Kipchoge Keino alikuwa na kazi ngumu ya kumshinda Ryun wa Marekani. Bastola ikalia, Ben akatoka mbele kama anayefukuzwa na nyuki. Mzunguko wa kwanza akaumaliza kwa sekunde 56. Keino akapokea usukani, akaenda, akashinda. Ben akachoka, akapitwa, akamaliza wa 10. Hakulalamika hata siku moja. Dhahabu ile ya Kenya ilikuwa yake pia. Baadaye alishinda nishani nyingi na kuweka rekodi ya dunia. Alikuwa mtu wa watu, na sisi watu wake hatutamsahau."

Nilipomsomea jirani yangu, alitikisa kichwa kwa furaha. Nami nilifurahi. Nikadhani kazi imekwisha: rasimu ya pili isomwe, ya kwanza itupwe. Lakini nilikuwa na msikilizaji mwingine, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyekuwa amechaguliwa kuusoma wasifu huo siku yenyewe. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani yeye mwenyewe hakushinda?"

Swali hilo lilinikata maini. Mtu aliyevunja rekodi ya dunia, nami nimemwandika hivi kwamba msichana wa miaka 16 anadhani kazi yake ilikuwa kumfungulia mwingine njia! Rasimu rasmi ilikuwa imeficha sadaka yake. Rasimu ya uchangamfu ilikuwa imeficha ushindi wake. Ndipo nilipozilaza zote mbili mezani na kuanza kuzilinganisha kwa kalamu nyekundu, kama ninavyosahihisha insha.

Kwanza, vitenzi

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa dogo, tena la sarufi. Rasimu rasmi inasimama juu ya kiambishi -li-: alizaliwa, aliiwakilisha, alichukua, alitunukiwa, alishinda, alifariki. Rasimu ya pili inakimbia juu ya -ka-: ikalia, akatoka, akaumaliza, akapokea, akashinda, akachoka, akapitwa.

Sote tunajua darasani kwamba -ka- huonyesha tendo linalofuata lingine. Lakini katika wasifu hufanya zaidi ya hapo. Kila "ali-" husimama peke yake kama kigingi. Ukikitazama huoni kamba inayokifunga na kigingi cha jirani. "Alichukua nafasi ya 10." Basi. Hakuna kilichotangulia, hakuna kilichosababisha. Ndiyo maana mzee alilazimika kuuliza kwa nini. Kiambishi -ka-, kwa upande wake, ni kamba yenyewe. "Ben akatoka mbele, Keino akapokea, akashinda." Msikilizaji haambiwi popote kwamba Keino alishinda kwa sababu ya Jipcho, lakini hawezi kusikia vinginevyo.

Hapo pana mtego. Je, ni kweli kwamba Keino alishinda kwa sababu ya Jipcho? Keino alimwacha Ryun kwa pengo la karibu sekunde tatu, pengo kubwa mno katika mbio za mita 1,500. Alikuwa mtu wa nyanda za juu akikimbia nyanda za juu. Mzunguko mkali wa kwanza bila shaka ulisaidia, lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba bila huo Ryun angeshinda. Mwanahistoria angesema "huenda", naye angekuwa sahihi. Mimi sikusema "huenda". -Ka- ilinisemea, ikatoa hukumu kabla sijaifikiria. Anayeandika kwa toni ya masimulizi ajue kwamba kila -ka- ni dai dogo la sababu, na ajiulize kama anaweza kulitetea.

Rasimu rasmi nayo ina mtego wake wa kitenzi, nao ni kauli ya kutendwa. "Rekodi ya dunia iliwekwa naye." Hebu isome kwa sauti. Kiswahili kinairuhusu, lakini aliyekimbia ametupwa nyuma ya rekodi kama abiria. Katika barua ya ofisi kauli hiyo ina kazi yake, kwa kuwa huko jambo ndilo linalotafutwa wala si mtu. Katika wasifu mtu ndiye jambo. "Aliweka rekodi ya dunia" ni rasmi vilevile, tena Jipcho anabaki miguuni pake.

Pili, jina

Katika rasimu ya pili nilimwita Ben. Nilidhani ndio ukaribu. Nilipomuuliza jirani yangu kama kuna neno lililomkera, alisita, kisha akasema, "Huyo msichana atakayesoma, Ben ni rika lake?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeazima ukaribu wa magazeti ya kigeni, ambamo kumwita mtu kwa jina lake la kwanza ni dalili ya mapenzi. Huku kwetu, mtoto anayemwita mtu wa umri wa babu yake Ben hajamkaribia. Amemvunjia heshima, na wazee waliokaa mstari wa mbele wangesikia hilo kabla ya kusikia neno lingine. Neno letu la ukaribu ni Mzee. "Mzee Jipcho" ina heshima na mapenzi kwa pamoja, na kijana anaweza kuitamka bila kuona haya. Katika rasimu rasmi "Jipcho" pekee yatosha, kwa maana hapo anayesema ni kumbukumbu, si mtu mwenye umri. Lakini midomoni mwa msichana mbele ya umati, "Jipcho" kavu ingekuwa baridi, na "Ben" ingekuwa ufidhuli. Hili ni somo la toni ambalo halimo katika orodha ya misamiati: katika Kiswahili uchangamfu hauji kwa kuondoa heshima, huja kwa kuchagua heshima ya nyumbani badala ya heshima ya ofisini.

Tatu, neno "wetu"

Neno lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa fupi kuliko yote. "Kijana wetu." "Sisi watu wake." Kwa lugha tu, ni maneno matamu. Lakini sisi ni nani?

Jipcho alikuwa Msabaoti. Siku ya michezo hapa Kapsokwony uwanja hujaa Wasabaoti, lakini pia Wabukusu waliopanda kutoka upande wa Kimilili, Wateso, na walimu na wafanyakazi wa serikali kutoka kila pembe. Mlima huu umeona siku ambazo neno "wetu" lilikuwa mpaka. Kati ya 2006 na 2008 mgogoro wa ardhi uliotokana na mpango wa makazi wa Chepyuk uligharimu maisha ya watu wengi na kuwafukuza wengine makwao. Watoto waliokuwa wachanga wakati ule sasa ni watu wazima. Mtu aliyepoteza ndugu hasahau upesi nani alisema "sisi" na alimaanisha nani.

Sikutaka kuliondoa neno hilo. Wasifu wa nyumbani bila "wetu" ni kama chai bila majani. Lakini niliona linahitaji kufungwa kwa kitu ambacho kila aliye uwanjani anakimiliki. "Kijana wa mlima huu" linawafaa wote wanaouona mlima kila asubuhi, na Jipcho aliuvaa mgongoni jezi ya Kenya, si ya ukoo. Rasimu rasmi haikuwa na tatizo hilo kwa sababu haina "sisi" kabisa, na hiyo ni moja ya nguvu zake halali: katika hadhira iliyogawanyika, ubaridi kidogo waweza kuwa adabu.

Nne, nilichokitia na ambacho hakikuwapo

Kalamu nyekundu ilipofika kwenye "Alikuwa akikimbia kwenda shule kila siku bila viatu", ilisimama. Nililitoa wapi hilo? Sikulisoma popote wala sikuambiwa na mtu. Lilikuja lenyewe kwa sababu ndivyo wasifu wa kila mkimbiaji wa Kenya unavyoanza. Nilijipa mtihani mmoja, nami naupendekeza kwa yeyote anayeandika kwa toni ya uchangamfu: chukua sentensi, ondoa jina la mtu wako, weka la mwingine wa kazi ileile. Ikikaa sawasawa, haimhusu mtu wako. Sentensi hiyo ingewakaa wakimbiaji mia. Nikaifuta.

"Hakulalamika hata siku moja" nayo nikaifuta, kwa sababu nzito zaidi. Hakuna awezaye kujua kama mtu hakulalamika hata siku moja. Tena kuna habari inayoutia doa usahili wa sentensi hiyo: miaka kadhaa baadaye Jipcho alimwomba Ryun radhi kwa sehemu aliyoshiriki katika mpango ule. Habari hiyo inanionyesha mtu aliyelifikiria jambo lile kwa muda mrefu, aliyeona kwamba kilichokuwa sadaka kwa upande mmoja kilikuwa pigo kwa upande wa pili. Huyo ni mtu mzito kuliko shujaa asiyelalamika niliyembuni mimi.

Je, niiweke habari ya radhi katika wasifu? Nilijaribu. Katika rasimu rasmi ilionekana kama kukiri kosa, ilhali kuongoza mbio kwa kasi halikuwa kosa. Katika rasimu ya kusomwa uwanjani ilihitaji maelezo ambayo maneno 120 hayatoshi. Niliiacha nje ya zote mbili, nikaitunza kwa mjadala wa darasani. Kuacha jambo si kulificha, mradi ulichokisema hakiupingi ukweli wake. "Hakulalamika" ingeupinga.

Sauti hizi mbili zimetoka wapi?

Kiswahili kimezijua toni hizi mbili kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalichapishwa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Hayo ni masimulizi ya mtu anayezungumza, safari ikifuata safari. Baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950, na hakujifanya kuwa karani: aliandika kama mtu anayempenda anayemwandika. Toni ya rasmi tumeizoea zaidi kupitia ofisi, shule na kurasa za matangazo ya vifo, mahali ambapo mtu hujulikana kwa tarehe, vyeo na mahali pa kazi. Leo tunayo hata majina tofauti: wasifu, tawasifu, wasifu-kazi, tanzia. Mwanafunzi hujifunza muundo wa kila moja, lakini mara chache huulizwa swali la jirani yangu: hiyo ni ya nani?

Swali hilo ndilo lililonisaidia kuamua. Niliigawa hadhira yangu kwa maswali matatu. La kwanza, watapokea kwa sikio au kwa jicho? Uwanjani ni sikio, tena penye upepo na kelele za watoto. Kijitabu ni jicho. Sikio halishiki "8:13.91", linashika "alipunguza rekodi yake mwenyewe kwa sekunde karibu sita katika siku nane", na hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa maana Jipcho alikuwa ameweka rekodi ya 8:19.8 hapohapo Helsinki tarehe 19 Juni 1973. La pili, wanamjua? Wazee wanamjua na watahukumu. Watoto hawamjui na wataamini. Mgeni wa kijitabu hamjui na atakwenda kuthibitisha. La tatu, wana pengo gani? Mgeni anakosa tarehe. Wazee wanakosa kusikia kwamba kilichofanyika Mexico kinakumbukwa. Watoto, kama yule msichana alivyonionyesha, wanakosa kujua kwamba mtu huyu alishinda.

Kijitabu kilipata rasimu rasmi, ikiwa na marekebisho mawili. "Iliwekwa naye" ikawa "aliweka". Na mstari wa 1968 ukawa hivi: "ambako aliongoza mzunguko wa kwanza wa fainali ya mita 1,500 kwa kasi kubwa, mbio alizoshinda mwenzake Kipchoge Keino, naye akamaliza wa 10." Toni haikubadilika. Hakuna sifa iliyoongezwa wala machozi. Lakini nafasi ya 10 sasa ina sababu yake, na msomaji makini ataielewa bila kuambiwa aelewe.

Wa uwanjani ukawa huu:

"Mzee Ben Jipcho alikuwa mtu wa mlima huu. Mwaka 1968, akiwa na miaka 25, alisimama kwenye mstari Mexico pamoja na Kipchoge Keino. Bastola ikalia, Jipcho akatoka mbele, akaupitisha mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56. Keino akapokea uongozi, akashinda dhahabu. Jipcho akamaliza wa 10. Siku ile alikimbia kwa ajili ya mwenzake. Lakini zilikuja siku zake mwenyewe. Mwaka 1972 alimfuata Keino tena, safari hii akatwaa fedha. Mwaka 1973, kule Helsinki, aliweka rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji. Siku nane baadaye akaivunja mwenyewe kwa karibu sekunde sita. Mwaka 1974 alirudi kutoka Christchurch na dhahabu mbili na shaba moja. Mzee Jipcho alituacha Julai 2020. Leo mkikimbia, mnakimbia juu ya mlima wake."

Ni toni ya uchangamfu, lakini hesabu -ka- zake. Nimeziweka pale tu ninapoweza kuzitetea: mzunguko wa kwanza, kupokea uongozi, ushindi, nafasi ya 10, fedha ya Munich, kuvunjwa kwa rekodi. Zilizobaki nimezisimamisha juu ya -li-, ili kila ushindi wake usimame peke yake na usiegemee kwa mtu. "Siku ile alikimbia kwa ajili ya mwenzake" ni hukumu, nakubali, lakini ni hukumu niliyoiandika nikijua ninaiandika. Wala sikusema kwamba bila yeye Keino asingeshinda.

Siku yenyewe msichana alisoma vizuri. Alipofika kwenye "wa 10" alinyamaza kidogo, jambo ambalo sikumfundisha, na kule mbele nikamwona jirani yangu akiinua kidole. Baadaye alinijia akiwa na kijitabu mkononi, amekikunja penye ukurasa wa wasifu. Akaniuliza kama anaweza kukichukua nyumbani. Nikamwambia ni chake, lakini nilistaajabu. "Mzee, nilidhani hiyo ya ofisi huipendi."

"Ile ya msichana nimeisikia," akasema. "Hii nitampelekea mjukuu wangu Kitale. Yeye ni wa kubisha, atataka tarehe."